Meneja wa mfuko ametuandikia barua baada ya hasara: tuongeze fedha au tuondoke?

*Ndugu mshauri, habari za kazi. Mimi na mke wangu tunaishi Dallas, Texas. Mimi nina biashara ya malori, mwenzangu ni muuguzi. Tuna fedha katika mfuko binafsi unaouza opsheni za S&P 500. Mwanzoni mwa 2025 salio letu lilikuwa dola 150,000, na kwa muda mrefu mfuko ulikuwa ukiingiza asilimia mbili au tatu kila mwezi, bila kelele. Aprili 2025 ukapoteza asilimia 31 ndani ya mwezi mmoja. Mwaka umefungwa tukiwa na takriban dola 108,000.*

*Sasa meneja ametuandikia barua ya kurasa nne. Anasema lilikuwa tukio la mara moja katika karne, hakuna aliyeweza kulitabiri, na kwa kuwa soko lilirudi lilikotoka, mkakati wake ulikuwa sahihi. Anayeongeza fedha kabla ya mwisho wa Machi atasamehewa ada ya mwaka mzima. Mimi nimeshawishika. Mke wangu anataka tutoe kilichobaki tumalizie nyumba yetu Kigamboni. Je, barua hii inasema kweli?*

*Msomaji, Dallas*

Ndugu yangu, pole kwako na kwa shemeji. Kwa jinsi ulivyoisimulia, barua hiyo haina uongo wa wazi. Imesema mengi kuhusu soko lakini haikusema mfuko ulikuwa umeuza mikataba mingapi kwa kila dola yenu, na hasara yenu yote imo katika namba hiyo. Bahati nzuri namba hiyo unaweza kuikadiria mwenyewe kutokana na mambo uliyoniandikia. Nitakuonyesha njia, kisha tuzungumzie hiyo Machi.

Meneja wako anafanya kazi inayofanana sana na ya kampuni ya bima. Kuna watu wenye hisa wanaoogopa soko lisishuke. Wanamlipa leo, naye anaahidi kwamba S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni 500 kubwa za Marekani, ikishuka chini ya kiwango fulani kabla ya tarehe fulani, atawafidia tofauti. Soko likitulia, muda unaisha na malipo yanabaki kwake. Ndiyo maana miezi mingi ni ya faida; biashara hii imeumbwa hivyo, na mfululizo wa miezi mizuri hauthibitishi ufundi wa mtu. Ahadi hizo ndizo opsheni, na bei yake hupanda watu wanapoogopa. Kipimo cha woga huo ni VIX, ambayo soko la Cboe la Chicago huikokotoa kutoka kwenye bei za opsheni zenyewe, kuonyesha mtikisiko unaotarajiwa katika siku 30 zijazo. Kwa hiyo aliyeuza anapata pigo mara mbili: soko linashuka kuelekea kiwango alichoahidi, na hapohapo gharama ya kujitoa kwenye ahadi inapanda kwa sababu kila mtu anataka kinga.

Sasa turudi Aprili. Jumatano tarehe 2, S&P 500 ilifunga kwenye 5,671 na VIX kwenye 21.5. Jioni hiyo Rais Trump akatangaza ushuru mpya wa bidhaa zinazoingia Marekani. Alhamisi soko likashuka asilimia 4.8, Ijumaa likashuka tena karibu asilimia 6. Jumanne tarehe 8 S&P 500 ilifunga kwenye 4,983 na VIX kwenye 52.3. Jumatano tarehe 9 Trump akasitisha sehemu kubwa ya ushuru huo kwa siku 90, na soko likaruka asilimia 9.5 kwa siku moja. Tarehe 2 Mei lilifunga kwenye 5,687, juu kidogo ya pale lilipoanzia.

Chukua meneja aliyeuza mkataba mmoja wa opsheni jioni ya tarehe 2 Aprili. Kiwango alichoahidi ni 5,200, yaani kama asilimia 8 chini ya soko la siku hiyo, na mkataba unaisha tarehe 2 Mei. Bei nitakazotumia nimezikokotoa kwa fomula ya kawaida ya opsheni, kwa viwango vya mtikisiko vinavyoendana na siku zile, basi zichukue kama makadirio ya karibu. Mkataba huo ungemwingizia takriban dola 2,500. Ijumaa tarehe 4 jioni, kuununua tena ili ajitoe kungemgharimu kama dola 30,000. Jumanne tarehe 8, kama dola 35,000. Siku iliyofuata, baada ya soko kuruka, gharama ingeshuka hadi kama dola 8,000. Na tarehe 2 Mei mkataba ungekwisha bila thamani yoyote, zile dola 2,500 zikabaki zake zote.

Hapo ndipo meneja wako anaposimama akisema mkakati ulikuwa sahihi. Aliyeuza mkataba huo na kuweza kuushika hadi Mei hakupoteza hata senti. Kwa nini basi nyinyi mmepoteza asilimia 31? Tazama idadi.

Tuseme mfuko una dola milioni 10. Mkataba mmoja wa S&P 500 unabeba mara 100 ya kipimo chenyewe, yaani kama dola 567,000 za soko. Meneja anayetaka kubeba kiasi kinacholingana na mtaji wake atauza mikataba 17. Mwezi wa kawaida utamwingizia dola 42,500, ambayo ni asilimia 0.4 tu. Tarehe 8 Aprili hasara yake kwenye hesabu ingekuwa kama dola 550,000, asilimia 5.5. Ni siku mbaya, lakini hakuna mtu wa kumlazimisha afunge. Angesubiri, na Mei angekuwa na faida.

Nyinyi hamkuwa mkipata asilimia 0.4. Mlikuwa mkipata mbili hadi tatu. Kwa mikataba ya aina ile, asilimia 2.5 kwa mwezi kwenye dola milioni 10 inataka mikataba 100 hivi. Mikataba 100 inabeba soko la dola milioni 56.7, karibu mara sita ya mtaji. Sidai kwamba mfuko wenu uliuza mkataba uleule nilioutumia. Huenda walikuwa na viwango na tarehe tofauti. Lakini uwiano kati ya faida ya mwezi na mzigo unaobebwa haukwepeki. Faida ile nono ya kila mwezi ndiyo iliyokuwa ikiwaambia, mwezi baada ya mwezi, jinsi mfuko ulivyojipakia.

Fuata sasa dhamana, kwa sababu ndiyo iliyowamaliza. Dalali hamruhusu muuzaji wa opsheni afanye biashara bila kumwekea fedha pembeni. Kwa kanuni ya kawaida ya opsheni za S&P 500, kila mkataba hudai thamani ya opsheni yenyewe pamoja na asilimia 15 ya thamani ya kipimo, ukitoa umbali uliobaki hadi kiwango kilichoahidiwa; ila kwa opsheni za aina hii nyongeza hiyo haiwezi kuwa chini ya asilimia 10 ya kiwango hicho. Madalali wengine hutumia kanuni nyepesi zaidi wakati wa utulivu, jambo linaloruhusu mzigo mkubwa zaidi. Kwa kanuni hii ya kawaida, tarehe 2 Aprili mikataba 100 ingedai kama dola milioni 5.45. Mfuko una milioni 10. Ukiangalia taarifa ya mwezi utaona karibu nusu ya mtaji imekaa tu, na meneja atakuambia kwa moyo mweupe kwamba wako salama.

Ijumaa tarehe 4, opsheni zilezile zinadai kama dola milioni 10.6. Wakati huohuo, hasara imeshusha mtaji hadi kama milioni 7.25. Pengo ni zaidi ya dola milioni tatu, na dalali anazitaka, hangoji mpaka Mei. Meneja anaanza kununua tena mikataba yake katikati ya woga, pamoja na wauzaji wenzake waliobanwa vilevile, kwa bei ya dola 30,000 hadi 35,000 kila mmoja. Ukizidisha utapata hasara ya kati ya asilimia 27 na 33. Asilimia 31 yenu imo humohumo.

Kwa hiyo aliposema soko lilirudi, alisema kweli, na ukweli huo ni hoja dhidi yake. Ilipofika tarehe 30 Aprili, S&P 500 ilikuwa imepungua chini ya asilimia moja kwa mwezi mzima. Mfuko uliopoteza asilimia 31 katika mwezi ambao soko lilirudi karibu palepale ulifungiwa biashara zake chini kabisa. Kama mikataba ingekuwa michache, Aprili hiyohiyo ingekuwa mwezi wa kawaida kwenu.

Kuhusu "mara moja katika karne", nakataa kabisa. Tarehe 5 Februari 2018, VIX ilipanda kutoka 17 hadi 37 kwa siku moja, na bidhaa ya soko la hisa iliyoitwa XIV, ambayo kazi yake ilikuwa kuuza mtikisiko, yaani kupata faida soko likitulia, ikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake na kufungwa mwezi huohuo. Machi 2020, VIX ilifunga juu ya 82. Agosti 2024 ilifunga kwenye 38 baada ya kugusa 65 asubuhi. Mtu anayeuza bidhaa hii kwa kazi anazijua tarehe hizi zote. Na kutabiri si suala hapa. Tarehe 2 Aprili ilikuwa imetangazwa mapema kuwa siku ya ushuru. Ambacho hakikujulikana ni ukubwa wake. Meneja hakuhitaji kujua Trump atasema nini. Alihitaji kuuza kiasi ambacho kingemwacha hai vyovyote ambavyo Trump angesema.

Hilo la kuwaalika wateja waongeze fedha baada ya pigo nalo lina historia, na ningependa uisome na shemeji. Tarehe 2 Septemba 1998, John Meriwether, kiongozi wa mfuko wa Long-Term Capital Management wa Greenwich, Connecticut, aliwaandikia wateja wake kwamba mfuko ulikuwa umepoteza asilimia 44 mwezi Agosti pekee, na asilimia 52 tangu Januari. Miongoni mwa washirika wake walikuwamo Robert Merton na Myron Scholes, washindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka mmoja tu kabla. Barua yake ilisema nafasi za faida zilizokuwapo wakati ule zilikuwa miongoni mwa bora walizowahi kuona, na ikawapa wateja nafasi ya kuongeza fedha kwa masharti maalumu ya ada. Sehemu kubwa ya hasara yao, takriban dola bilioni 1.3 kati ya bilioni 4.6, ilitokana na kuuza mtikisiko: walikuwa wameuza opsheni za muda mrefu, hadi miaka mitano, wakiamini bei ya woga ilikuwa imezidi kiasi.

Wiki tatu baadaye, tarehe 23 Septemba, benki na kampuni 14 za Wall Street, zikiwa zimekutanishwa na Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, ziliweka dola bilioni 3.6 na kuchukua asilimia 90 ya mfuko. Walioweka fedha hizo walirudishiwa zote na faida kidogo juu yake. Wateja wa zamani waligawana asilimia 10 iliyobaki. Biashara zile nyingi zilikuja kuwa nzuri, ila mikononi mwa wengine. Lile neno la Meriwether kuhusu nafasi bora linaweza kuwa kweli kabisa na bado lisimsaidie mtu asiye na uwezo wa kungoja.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako haikulitaja, nalo ni maslahi ya meneja mwenyewe kuanzia sasa. Mifuko binafsi ya aina hii mara nyingi huchukua sehemu ya faida, asilimia 20 kwa kawaida, lakini hairuhusiwi kuichukua mpaka salio la mteja lirudi kwenye kilele chake cha zamani. Soma mkataba wenu uone kama sharti hilo limo. Kama limo, mfuko unahitaji kupanda karibu asilimia 39 kutoka dola 108,000 kabla hajapata tena mgawo wa faida yenu. Kwa mzigo wa wastani, wa asilimia 0.4 kwa mwezi, hiyo ni miaka kama saba akifanya kazi kwa ada ya mwaka tu. Fedha mpya, kwa upande mwingine, hazina deni hilo. Faida ya kwanza itakayotokana nazo inamlipa. Ndiyo maana anaweza kuisamehe ada ya mwaka kwa urahisi. Sisemi ana nia mbaya. Lakini mtu aliye katika hali hiyo anavutwa upande mmoja kati ya miwili: kujipakia tena kama zamani ili arudi haraka, au kuufunga mfuko na kuanzisha mwingine wenye kilele kipya.

Mwandikie basi, kwa maandishi, na udai majibu ya maandishi. Muulize kwanza: jioni ya tarehe 2 Aprili, mfuko ungepoteza kiasi gani kama S&P 500 ingeshuka asilimia 10 na VIX ikafika 50? Kila meneja makini wa opsheni ana jedwali hilo kila jioni. Kama lilikuwapo na lilionyesha hasara ya theluthi moja, alijua na akakubali mzigo huo bila kuwaambia. Kama halikuwapo, hilo ni baya zaidi. Muulize pia nani aliamua kufunga zile biashara, na siku gani: yeye, kanuni iliyoandikwa kabla, au dalali? Halafu muulize swali hilohilo la asilimia 10 kwa mikataba aliyonayo leo. Jibu la swali hili la mwisho lina uzito kuliko kurasa zote nne. Akikujibu kwa asilimia, mfano "tungepoteza asilimia sita", ana jambo la kuzungumza. Akikujibu kwa maneno kuhusu uzoefu wake na nidhamu yake, ameshakujibu.

Usiongeze fedha Machi hii. Hapa sina shaka, hata akikujibu vizuri, kwa sababu nafuu ya ada ya mwaka kwenye kiasi mtakachoongeza ni ndogo mno ikilinganishwa na kisichojulikana bado. Kwa fedha zilizomo, fungua mkataba utafute kifungu cha kutoa fedha. Mifuko hii huwa na tarehe maalumu za kutoa, mara nyingi mwisho wa robo mwaka, na hudai notisi ya siku kadhaa kabla. Ningepeleka notisi ya kutoa fedha zote sasa hivi, kisha nikasubiri majibu. Wengi huruhusu notisi ibatilishwe kwa makubaliano, lakini hakuna anayekuruhusu kurudi nyuma ukishapitwa na tarehe.

Shemeji anaposema Kigamboni, anasema jambo la msingi kuliko anavyodhaniwa. Fedha zenye kazi maalumu na tarehe yake hazifai kukaa mahali panapoweza kuchukua theluthi yake ndani ya siku nne. Kama mfuko utajibu maswali yangu kwa namba, na kama mnapenda, bakizeni kiasi ambacho kikipotea chote msimamizi wa ujenzi hatasimamisha kazi.

La mwisho ni la kodi, na watu wengi huliacha. Opsheni za kipimo cha S&P 500 ziko chini ya kifungu cha 1256 cha sheria ya kodi ya Marekani. Hasara yenu itakuja kwenye fomu ya K-1 kutoka kwa mfuko, na kifungu hicho kinamruhusu mtu binafsi kuirudisha nyuma hadi miaka mitatu, kupunguza faida ya aina hiyohiyo mliyokwisha kuilipia kodi. Mlikuwa na miezi mingi ya faida kabla ya Aprili, kwa hiyo huenda kuna fedha ya kurudishiwa. Inachaguliwa kwenye Form 6781. Mpelekee mhasibu wenu K-1 za miaka yote minne kwa pamoja, si ya 2025 peke yake.